Sura za katuni za hasira: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maana ya kila uso

Hizi ni sura gani hasa, na zilianzia wapi?

Ni vile vichwa vya rangi nyeusi na nyeupe vilivyochorwa ovyoovyo kwa kipanya: mdomo umepasuka hadi masikioni, macho yametoka pima, mikunjo kila mahali. Kwa jumla huitwa katuni za hasira, maana uso uliotangulia wote ulikuwa wa mtu aliyepandwa na hasira.

Mwaka 2008, mtu asiyejulikana aliweka katuni ya fremu nne kwenye mtandao wa 4chan. Kisa chake ni cha chooni. Mtu ameketi, mzigo unadondoka, maji yanaruka na kumlowesha. Fremu ya nne haielezi kitu. Ni uso tu umevutwa karibu, meno nje, na mlolongo wa herufi FFFFUUUU unaoonyesha tusi lililokwama kooni. Uso huo ndio Rage Guy. Watu walicheka kwa kuwa jambo lile lilikuwa limewapata na hawakuwahi kulisimulia. Kisha wakaunyakua uso uleule na kuubandika mwishoni mwa visa vyao wenyewe.

Mwaka 2009 katuni hizi zilipata makao yake kwenye mtandao wa Reddit, mahali palipopewa jina la herufi F saba zikifuatwa na U kumi na mbili. Hakuna aliyeweza kuliandika bila kuhesabu, hivyo likafupishwa kuwa f7u12. Kuanzia hapo hadi karibu 2012 nyuso nyingine zilimiminika: ya mcheko wa uchokozi, ya upweke, ya kujikausha, ya raha ya siri. Kila moja ilikuwa na kazi yake.

Kwa nini watu walibandika sura zilezile badala ya kila mtu kuchora yake?

Kwa sababu sura hizi zilifanya kazi ya maneno. Neno haliundwi upya kila linapotamkwa. Unalichukua jinsi lilivyo na msikilizaji analijua. Ndivyo ilivyokuwa hapa. Fremu tatu za kwanza husimulia tukio, mara nyingi kwa vijitu vya vijiti visivyo na sura ya kueleweka. Fremu ya nne hutoa hukumu: mambo yaliyotokea tuyachukulieje? Tucheke, tumhurumie, tuone aibu pamoja naye? Sura ndiyo inayojibu, na inajibu kabla jicho halijafika kwenye maandishi.

Ukiichora upya na kuibadilisha kidogo, msomaji anasita. Anaanza kujiuliza huyu ni nani, na katika kujiuliza huko kicheko kinapotea. Ndiyo maana mtu aliyejua kuchora vizuri hakuwa na faida yoyote hapa. Nimewahi kuona katuni za aina hii zilizorudiwa kwa mkono wa fundi, zenye vivuli na uwiano mzuri wa mwili, na zote zimepooza. Uso uliochorwa vizuri huwa uso wa mtu fulani. Uso uliochorwa vibaya hauna umri, hauna taifa, hauna kabila, hivyo yeyote anauvaa.

Nipeni mfano. Sura moja inabadilisha kisa kwa kiasi gani?

Tuchukue kisa kimoja na tukigeuzegeuze. Fremu ya kwanza: mtu anaandika kwa simu ujumbe mrefu wa kumwomba rafiki yake radhi. Fremu ya pili: anausoma upya, anarekebisha neno moja, ameridhika. Fremu ya tatu: kidole kinakaribia kitufe cha kutuma, na simu inazimika kwa kuishiwa betri. Fremu ya nne iko wazi. Tuweke nini?

Tukiweka Rage Guy, kisa kinakuwa cha bahati mbaya. Mkosaji ni betri. Msomaji anakumbuka mara zote alizokatiwa jambo likiwa limebaki hatua moja, na anacheka kwa ushirika.

Tukiweka Okay, kile kichwa chenye mikunjo kinachotazama chini na kuandikiwa neno dogo “Okay”, mambo yaleyale yanakuwa ya huzuni. Mtu hapigi kelele. Amekufa kikondoo. Sasa tunahisi kwamba pengine hataandika tena ujumbe ule, na urafiki umepotea hivyohivyo. Betri haina tena umuhimu. Kilichobaki ni mtu aliyezoea kushindwa.

Tukijaribu Forever Alone, haikai. Uso huu ni wa upweke, na katika kisa chetu hakuna aliyemkataa mtu huyu. Ujumbe haukufika tu. Ili sura ikae lazima tubadilishe fremu ya tatu: ujumbe umeondoka, amekaa anasubiri, simu inalia, anaruka kuishika, na ni kampuni ya simu inamtangazia kifurushi kipya. Hapo Forever Alone anaingia kama kidole kwenye pete.

Poker Face nayo inadai mabadiliko yake. Inahitaji shahidi. Tuseme ujumbe umeondoka lakini umekwenda kwa mtu mwingine, na mtu huyo ameketi kando yake, simu yake imetoa mlio. Mhusika wetu ananyoosha midomo na kutazama mbele, amejitia hamnazo. Hiyo ndiyo Poker Face.

Me Gusta itakaa bila kubadili tukio, ila inatufichulia siri: simu imezimika, bado ina joto la kutumika, na yeye anaiweka shavuni na kufumba macho. Raha ya ajabu, isiyohusiana na ujumbe hata kidogo.

Na Trollface? Tukimbandikia mhusika huyuhuyu, katuni inakosa maana, kwa kuwa Trollface, yule wa mcheko wa uchokozi, ni uso wa mtendaji. Aliyetendwa hauvai. Lazima tuongeze mtu wa pili aliyeichomoa chaja kimyakimya katika fremu ya pili. Fremu ya nne sasa ina nyuso mbili: Rage Guy upande mmoja, Trollface upande wa pili.

Kisa kimoja, nyuso sita, na ni mbili tu zilizokubali kuingia bila kudai mabadiliko wala nyongeza yoyote. Watu wengi hawakuliona hili: sura haipambi kisa kilichokwisha kutengenezwa. Ina masharti, na masharti hayo yanarudi nyuma hadi fremu ya pili na ya tatu.

Hasira ya Rage Guy ni hasira ya namna gani?

Ni hasira ya jambo dogo. Tena dogo lenye sifa mbili: lilikuwa karibu kufanikiwa, na hakuna mtu wa kumlaumu ipasavyo. Kidole cha mguu kimegonga kona ya kitanda. Mkate umeanguka upande uliopakwa siagi. Umefika juu ya ngazi ukasahau ulichopandia.

Mtu akiweka Rage Guy kwenye kisa cha wizi au kufukuzwa kazi, katuni inachechemea. Uso huu umetiwa chumvi kupita kiasi, na kicheko chake chote kinatoka kwenye pengo kati ya udogo wa tukio na ukubwa wa hasira. Jambo likiwa kubwa kweli, pengo linazibika. Anabaki mtu mwenye hasira halali, ambaye tunapaswa kumpa pole.

Angalia pia jinsi alivyowekwa. Uso umevutwa karibu hadi unajaza fremu, wakati fremu tatu za mwanzo zilimwonyesha mtu mzima kwa mbali. Kule kuvutwa ghafla ndiko kunakofanya msomaji ausikie ukelele. Waliomweka Rage Guy akiwa mdogo pembeni, na mwili wake wote ukionekana, walimwondolea sauti.

Trollface anacheka nini?

Trollface ndiye mwenye historia inayofahamika kuliko wote. Alichorwa Septemba 2008 na Carlos Ramirez, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo huko Oakland, Kalifornia, kwa kutumia programu ya Microsoft Paint. Aliuweka uso huo kwenye katuni fupi katika mtandao wa DeviantArt. Katuni ile iliwakejeli wachokozi wa 4chan, wale wanaoandika upuuzi ili kuwakasirisha wenzao kisha wakajiona wameshinda. Uso ule mpana, wenye kijino pembe na macho yaliyobinywa na furaha, ulikuwa picha ya mtu anayejidanganya kwamba ni mjanja. Wachokozi wenyewe wakauchukua na kuuvaa kwa fahari. Si mara nyingi kejeli hugeuzwa vazi na wale waliokejeliwa kwa haraka namna hii.

Anachosema ni hiki: nilijua tangu mwanzo kwamba ni uongo, na hasira yako ndiyo malipo yangu. Neno lake ni “Problem?”, yaani kuna tatizo? Ni swali lisilotaka jibu, kwa sababu jibu lolote ni ushindi wake. Ukikasirika ameshinda. Ukieleza kwa utulivu kwa nini amekosea, ameshinda zaidi, maana umepoteza muda.

Kwa hiyo sharti la Trollface ni kwamba lazima aliyechokozwa aitikie. Uchokozi usioitikiwa hauna Trollface. Na lazima dhara liwe dogo na la kupita. Uso huu ulipobandikwa kwenye visa vya watu kuumizwa kweli, ulikuwa unatumika kuficha ukatili nyuma ya utani. Kwa maoni yangu hayo ni matumizi mabaya, hata kama meno ni yaleyale.

Kuna tawi moja la Trollface ninalolipenda kuliko mengine: katuni za fizikia ya uongo. Mfano unaojulikana sana ni wa gari. Fremu moja inaonyesha gari la chuma. Inayofuata, gari limefungwa mti mrefu unaoning’iniza sumaku kubwa mbele ya boneti. Sumaku inalivuta gari, gari linasonga, sumaku inasonga nalo, na safari haina mwisho wala haihitaji mafuta. Fremu ya mwisho ni Trollface.

Hapa anayechokozwa si mhusika bali ni wewe msomaji. Unahisi kuna kosa, lakini hulioni papo hapo, na huko kuhangaika ndiko anakokucheka. Kosa lenyewe ni kwamba sumaku inapolivuta gari mbele, gari nalo linaivuta sumaku nyuma kwa nguvu ileile. Vile vitu viwili vimefungwa pamoja kwa ule mti, hivyo nguvu hizo zinaishia ndani yake na gari halisogei hata inchi. Ni sawa na mtu aliyeketi ndani ya kikapu akijaribu kujinyanyua kwa kuvuta mpini wake. Katuni za namna hii zilizokuwa nzuri zilikuwa na kosa moja tu lililofichwa vizuri. Mbaya zilikuwa na makosa matano, kila mtu akayaona, na Trollface akabaki anacheka peke yake.

Okay, Forever Alone na Poker Face zinanichanganya. Zote si za mtu aliyeumia?

Zote ni za mtu aliyepatwa, lakini zinatofautiana katika swali moja: nani anamtazama?

Okay hatazamwi na mtu anayejali. Amekatazwa, amenyimwa au amesahauliwa, naye amepokea. Midomo imeshuka, macho yameinama, na hakuna chozi. Mtoto amekaribia kundi akauliza kama anaweza kucheza, akaambiwa timu imejaa. “Okay.” Nguvu yake iko kwenye ufupi wa jibu. Mtu akimwekea maelezo marefu kwenye puto la maneno, amemharibu, maana mtu huyu ni yule asiyelalamika.

Poker Face anatazamwa, tena na wengi, na ndiyo shida yake. Amefanya jambo la aibu na bado haijulikani ni nani. Mtu amejamba ndani ya lifti iliyojaa, watu wanageuka kutafutana, naye amenyoosha mdomo kama mstari wa rula. Sura haisemi aibu moja kwa moja. Inasema juhudi ya kuificha. Hivyo usiiweke mahali ambapo mhusika yuko peke yake chumbani. Peke yake hana wa kumfichia.

Forever Alone hatazamwi na mtu yeyote, na anatamani atazamwe. Alitokea mwaka 2010. Ana kichwa kikubwa chenye mabonge kama kiazi, na machozi yanamtiririka. Lakini mtazame mdomo: anatabasamu. Wengi waliomchora upya walimkunja mdomo kuwa wa kilio wakidhani wanamrekebisha, na wakawa wamemuua. Tabasamu lile ni la mtu anayejaribu kuufanya upweke wake uwe jambo la kawaida, anayejikaza kisabuni huku macho yakimsaliti. Kisa chake karibu daima kina tumaini kidogo katika fremu ya tatu: mlango umegongwa, kumbe wamekosea nyumba, mtu anampungia mkono, kumbe anamsalimu aliye nyuma yake. Pasipo tumaini hilo, hana cha kulilia.

Me Gusta ina maana gani? Si ni “napenda” tu kwa Kihispania?

Maneno yenyewe ndivyo yanavyosema. Lakini tazama uso: macho yamevimba, midomo imebanwa, mikunjo imezunguka kila upande kama mtu anayezuia kitu kisitoke. Hii ni raha ambayo mtu angeona haya kuikiri. Kuchokonoa sikio kwa kijiti cha pamba hadi ukasikia utamu. Kubandua gundi iliyokauka kidoleni kama ngozi. Kunusa kitabu kipya huku ukijua kuna watu.

Kosa la kawaida lilikuwa kuitumia kwa raha yoyote. Mtu amekula chakula kitamu: Me Gusta. Amefaulu mtihani: Me Gusta. Hapo sura haina la kusema, kwa kuwa raha hizo hutangazwa hadharani. Kipimo ni rahisi. Jiulize kama mhusika angesimulia jambo hilo mbele ya wakwe zake. Kama angesimulia bila kusita, tafuta uso mwingine.

Y U NO ana tofauti gani na Rage Guy? Wote wanafoka.

Rage Guy hafoki kwa mtu, anafoka hewani. Y U NO, ufupisho wa “why you no”, ana anayemwambia. Mikono yake imeinuliwa mbele, vidole vimekakamaa, na uso wake wenye kichwa cha mviringo ulitokana na mchoro wa katuni ya Kijapani iitwayo Gantz. Maandishi yake hukaa sehemu mbili: juu jina la anayelaumiwa, chini shutuma, kwa Kiingereza kilichovunjwa makusudi.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna bahati, kwa sababu tunalo neno linalofanya kazi hiyo bila kuvunja sarufi: mbona. “Kwa nini huingii?” ni swali. “Mbona huingii!” ni lawama, na aliyesema anaamini kwamba unapaswa kuwa umeshaingia. Y U NO ni “mbona” iliyopewa mikono. Wewe soksi, mbona mwenzio hayupo! Wewe mwavuli, mbona unafunguka ndani ukagoma nje!

Ndiyo sababu anaelekezwa zaidi kwa vitu kuliko watu. Mtu ukimuuliza mbona, anaweza kukujibu, na jibu lake linaweza kuwa la haki. Soksi haijibu.

Na zile sura zinazofanana na watu maarufu?

Hizo zilichorwa kwa kufuatisha picha halisi, na unazitambua kwa jinsi mistari yake ilivyo sahihi kuliko ya wenzake. Uso unaocheka kwa dharau, paji pana na macho yamefumba, ni wa mchezaji wa mpira wa kikapu Yao Ming, uliochukuliwa kutoka mkutano na wanahabari wa mwaka 2009. Yeye mwenyewe alikuwa anacheka kwa furaha ya kawaida. Dharau iliongezwa na mistari ya mchoraji. Unasema: unadhani hilo ni jambo? Hutumika mtu anapojisifia kitu ambacho mwenzake amekizidi mara kumi.

Uso wenye mdomo uliobenuliwa na pembe zilizoshuka ni wa Barack Obama, kutoka picha ya ziara yake Uingereza Mei 2011. Unasema “si haba”. Kipimo chake ni sifa ya kiasi: jambo halikutarajiwa kuwa zuri, limekuwa zuri, lakini hatupigi vigelegele.

Ule wa macho makali na tabasamu la kuchoma, unaouliza “You don’t say?”, ni wa mwigizaji Nicolas Cage katika filamu ya miaka ya 1980 iitwayo Vampire’s Kiss. Ni jibu kwa mtu aliyekueleza jambo ambalo kila mtu analiona. Kwa Kiswahili tungesema: kumbe!

Challenge Accepted inawekwa fremu ipi?

Ya pili au ya tatu. Yule mtu wa vijiti aliyekunja mikono na kuinua kidevu anasema “changamoto imekubaliwa”, yaani anaahidi, na ahadi yake inamfanya msomaji asubiri anguko. Ukimweka mwisho, msomaji anabaki ameshika mlango wazi. Kumbuka pia kwamba hakuna aliyempa changamoto. Chupa imeandikwa “usifungue kwa meno”, naye ameisoma kama mwaliko.

Derp na Derpina ni akina nani?

Ni wahusika wa kawaida wa fremu za mwanzo, mwanamume na mwanamke wa hivihivi, wenye macho yasiyotazama upande mmoja. Derpina ni Derp aliyeongezewa nywele. Hawana tabia, na hawatakiwi kuwa nayo, kwa sababu tabia italetwa na sura ya mwisho. Neno “le” lililotangulia vitendo vyao lilikuwa mchezo wa kuigiza Kifaransa. Lilichosha mapema.

Zinafaa kufundishia lugha?

Ndiyo, na zimewahi kutumika hivyo. Mwalimu mmoja wa Kiingereza nchini Japani alizitumia na wanafunzi wake wa chuo kikuu karibu mwaka 2011. Sababu inaonekana. Mwanafunzi mwenye maneno mia mbili hawezi kueleza aibu iliyofichwa, lakini anaweza kuandika “nilikaa kwenye kiti, rangi ya kiti ilikuwa mbichi, nilisimama” kisha akabandika Poker Face. Uso unabeba hisia, naye anabaki na kazi ya kusimulia kwa sentensi fupi na mpangilio sahihi wa nyakati.

Kwa nini zilififia?

Nionavyo mimi, chanzo ni urahisi. Zilitokea tovuti zilizopanga sura zote kwenye orodha, ukibofya inaingia kwenye fremu. Mwanzoni ilikuwa nafuu kubwa. Lakini mtu aliyekuwa anaanza na kisa kisha anatafuta uso, sasa akaanza na uso kisha anatafuta kisa. Tukarudi kwenye yale masharti niliyoyaeleza: fremu za kati hazikutengenezwa tena, zikawa njia tu ya kufika kwenye kichwa. Zikaja katuni zenye nyuso tano katika fremu nne, kila tukio na uso wake, na hukumu ikakosa mahali pa kukaa.

Kuna namna ya kupima katuni kama imeharibika hivi. Funika sura ya mwisho kwa kidole gumba, soma fremu tatu. Kama unaweza kukisia sura iliyofunikwa, au unakisia mbili na unatamani kujua ni ipi, katuni ni nzima. Kama inaweza kuwa sura yoyote, au kama maandishi ya fremu ya tatu yamekwisha kusema “niliona aibu sana”, sura imebaki bila kazi.

Baadaye baadhi zilirudi kwa namna nyingine. Trollface hasa alirudi akiwa amepotoshwa, mweusi, mdomo umenyooshwa hadi unatisha, kwenye visa vya kuogofya. Ni uso uleule lakini si neno lilelile, kwa hiyo ukikutana naye hivyo usimsome kwa maana ya 2010.

Nikizitumia leo nitapata shida ya kisheria?

Kwa utani wa kutumiana na marafiki, sijasikia mtu aliyeguswa. Kwa biashara ni habari nyingine, angalau kwa Trollface. Ramirez aliisajili hakimiliki ya mchoro wake Marekani mwaka 2010, na kufikia 2015 ilikuwa imeripotiwa kwamba alikuwa amepata zaidi ya dola 100,000 kutokana na leseni na malipo ya suluhu. Ukitaka kumchapisha kwenye fulana za kuuza, anza kwa kuomba ruhusa.

Nina sura niliyoihifadhi lakini imejaa madoadoa ya kijivu. Niisafishe?

Madoa yale yanatokana na picha kuhifadhiwa kama JPEG mara nyingi, ikinakiliwa kutoka mkono hadi mkono. Kila kuhifadhi upya kunapoteza kidogo, na kinachopotea huonekana kwanza kandokando ya mistari myeusi. Uchafu kidogo uache, ni alama ya umri wake. Ila angalia macho na pembe za mdomo. Kwenye Poker Face mstari wa mdomo ukishavurugika hadi unaonekana umepinda juu, umepata tabasamu ambalo halikuwepo, na kwenye Okay doa moja chini ya jicho linasomeka kama chozi. Hapo tafuta nakala safi, uihifadhi kama PNG, ambayo haipotezi kitu hata ukiihifadhi mara mia.